Nati inazunguka, bolti inapanda: mashine nzito inapokataa kushika chini

Simu ilikuwa fupi. "Fundi, mashine inatembea." Nikauliza inatembea vipi. "Jumatatu ilikuwa kwenye alama ya chaki. Leo Ijumaa imeiacha alama vidole viwili."

Ilikuwa mashine ya kuranda mbao, ya karibu kilo 800, kwenye karakana moja ya Mafinga. Pale mbao za misindano zinapita usiku na mchana, na mashine isiporanda siku moja mwenye nayo analala vibaya. Ilikuwa imefungwa kwa rolboti nne, yaani zile bolti za kutanuka zinazogongwa kwenye tundu la zege halafu zinakazwa kwa nati. Nilitoka Iringa asubuhi, kilomita kama 80, na njiani nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba vijana hawakukaza. Nilikosea. Walikaza sana.

Nitaeleza tatizo hili kwa kufuata dalili, kwa sababu mtu akishaambiwa "bolti imelegea" haraka yake ni kuchukua spana, na spana ndiyo inayoharibu ushahidi. Kabla ya kugusa nati yoyote, zima swichi kuu na ufunge sanduku lake kwa kufuli, kisha lala chini na tochi.

Kwanza jua nini kimesogea

Mashine ikilegea kuna mambo matatu tu yanayoweza kuwa yametokea. Nati imerudi nyuma kwenye uzi wake. Au bolti nzima imepanda kutoka kwenye zege. Au mguu wa mashine umeshuka, kwa sababu kitu kilichowekwa chini yake kimebonyea. Ukikaza tu, yote matatu yataonekana yamepona kwa saa chache, na hutajua ulitibu nini.

Namna ya kuyatenganisha ni rahisi, lakini inataka ujiandae siku ya kufunga. Ukishakaza, piga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye ncha ya bolti, ushuke juu ya nati, upite kwenye washa hadi kwenye mguu wa mashine. Kisha pima kwa rula ya chuma urefu kutoka ncha ya bolti hadi sakafuni, si hadi kwenye mguu, na uuandike kwa kalamu ya wino mzito hapohapo kwenye mguu. Kazi ya dakika tano kwa bolti nne.

Siku ukirudi, soma. Mstari ukiwa umekatika kati ya nati na bolti, na urefu ni uleule, nati ndiyo iliyorudi. Tatizo lako ni mtetemo. Mstari wa nati na bolti ukiwa mzima lakini ncha imepanda, hata milimita mbili, bolti inang'oka. Usiikaze, maana kila ukikaza unaivuta. Na mstari ukiwa mzima, urefu uleule, lakini washa inacheza kwa kidole, basi mguu umeshuka: angalia kilicho chini yake.

Mafinga hakukuwa na mstari wala kipimo. Lakini bolti zenyewe zilisema. Mbili zilikuwa na uzi wa sentimita nne juu ya nati, na vijana walikiri kwamba siku ya kufunga uzi ulibaki "kidogo tu, kama unene wa shilingi mia". Ya tatu ilizunguka pamoja na nati, hairudi wala haikazi. Ya nne ilikuwa imara kabisa, na mashine ilikuwa inazunguka kuizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Ndiyo sababu haikusogea moja kwa moja, ilipinda.

Bolti inapanda kila ukikaza

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi huku kwetu, na chanzo chake karibu kila mara kiko chini, si kwenye bolti.

Karakana nyingi za nyanda za juu zilianza kama banda la mbao au ghala la mahindi. Chini kuna moramu iliyoshindiliwa, juu yake jamvi, yaani tabaka la zege la kokoto, na juu ya jamvi sakafu laini iliyopigwa niru. Kwa macho yote ni zege. Kwa bolti, kuna tofauti kubwa. Jamvi lina kokoto, na kabari ya bolti, ile sehemu ya mkiani, inapotanuka inasukuma kokoto zilizoshikana. Sakafu ni mchanga na saruji peke yake, mara nyingi ilipigwa siku nyingine juu ya jamvi lililokwisha kukauka, na haikushikana nalo vizuri. Ukiitanulia bolti ndani yake inapasuka au inasagika, na bolti inateleza kupanda.

Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka kila mguu. Sakafu iliyoshikana na jamvi inalia kavu, fupi. Iliyoachana inalia kama mtungi mtupu. Ukiusikia mlio huo chini ya mguu wa mashine, usihesabu hata milimita moja ya sakafu hiyo kama sehemu ya kushika.

Kisha toboa tundu la majaribio, pembeni kidogo ya mguu, kwa biti nyembamba ya milimita 8, polepole, na usome vumbi. Kwenye sakafu vumbi linatoka laini kama unga na drili inateremka bila kelele. Ikiingia kwenye jamvi sauti inabadilika, inaanza kugonga na kusita, na vumbi linakuwa na punje za mawe. Weka alama kwenye biti kwa solatepu hapo sauti ilipobadilika. Endelea. Siku ya Mafinga sauti ilibadilika kwenye milimita 35. Kwenye milimita 105 drili ilizama ghafla na vumbi likatoka jekundu. Moramu hiyo.

Hesabu yote ya karakana ile ilikuwa ndani ya tundu hilo moja. Sakafu milimita 35, jamvi milimita 70, halafu udongo.

Sasa tazama bolti. Walinunua za M12, urefu milimita 120, aina ya kabari, ile isiyo na ala ndefu bali ina pete fupi karibu na mkia. Kwenye boksi iliandikwa kwamba inataka kuingia milimita 70 ndani ya zege. Mguu wa mashine una unene wa milimita 20. Chini yake waliweka vibati vya kusawazisha, milimita 5. Washa 3, nati 10, na uzi wa kubaki juu ya nati angalau 5. Jumla 43. Toa kwenye 120, zinabaki 77 za kwenda chini. Kwa karatasi, imetosha na kuzidi.

Lakini katika hizo 77, 35 za kwanza zilikuwa sakafu. Jamvi lilipata 42 tu. Bolti iliyotaka 70 ilishika 42.

Mtu atasema, nunua ndefu zaidi. Hata bosi alisema hivyo, alishatuma kijana dukani. Nilimrudisha. Jamvi lenyewe lilikuwa milimita 70, na bolti ya kutanuka haitakiwi kukaribia tumbo la chini la zege. Zege linapong'oka kwa kuvutwa linatoka kama koni, kama kifuniko cha chungu kilichogeuzwa, ncha yake ikiwa pale kabari iliposhika na mdomo wake juu ukipanuka hadi kama mara tatu ya kina. Nguvu ya bolti ni nguvu ya koni hiyo. Kina kikiwa kifupi koni ni ndogo. Kina kikienda karibu na udongo, upande wa chini unapasuka wakati wa kugonga na kabari inabaki inasukuma vipande. Kwa M12 mimi sianzi kufikiria jamvi lililo chini ya milimita 120, na kwa mashine inayotetemeka napenda 150.

Ndiyo maana bolti ya nne ilishika. Ilikuwa karibu na ukuta, pale fundi wa jengo alipomwaga zege nene la msingi. Bahati, si ufundi.

Bolti inazunguka pamoja na nati

Hapa kabari haikupata cha kung'ang'ania. Kabla ya kulaumu zege, jaribu hili: chomeka ncha ya bisibisi pana au mtaimbo mdogo chini ya washa, inua bolti juu kwa nguvu ya wastani huku mwenzako akikaza nati. Mara nyingi kabari inahitaji mvuto wa kwanza ili mkia wa bolti upande ndani ya pete na kuitanua. Ikishika, endelea. Isiposhika baada ya mizunguko mitatu, minne, acha.

Sababu ziko nne, na unaweza kuzikagua kwa mpangilio wa urahisi wake.

Vumbi. Hili ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Tundu lililotobolewa na kuachwa na vumbi lake ni tundu lililopakwa poda, kabari inateleza juu ya unga badala ya kukwaruza zege. Kupuliza kwa mdomo hakutoshi, na vumbi la zege si la kuingiza machoni wala mapafuni, vaa miwani na barakoa. Tumia brashi ya waya ya duara inayojaa tundu, sugua, puliza kwa pampu au kompresa, sugua tena, puliza tena. Ukiona bado linatoka wingu, rudia.

Tundu pana. Bolti ya kabari ya M12 inataka tundu la milimita 12 kamili. Ya ala ni kitu kingine: kinachopimwa ni unene wa ala ya nje, si uzi. Kuna za ala dukani ambazo uzi wake ni M10 na ala yake ni 12, na nyingine uzi wake M10 lakini ala ni 16. Chukua bolti mkononi na kipimo cha kalipa, usimwachie muuza duka akuambie kwa kukadiria. Na hata biti sahihi inatoa tundu pana kama mtu ameishika drili kwa mkono mmoja huku anayumba. Drili ya kugonga inataka mikono miwili na miguu iliyosimama sawa, na iende wima. Lile tundu la tatu la Mafinga lilikuwa la mviringo wa yai, milimita 12 upande mmoja na karibu 14 upande mwingine.

Tundu lililopitiliza. Kijana akizamisha biti yote kwa sababu "kirefu ndiyo imara", anatoboa jamvi hadi moramu, na akigonga bolti inazama, kabari inatanukia hewani.

Na zege bovu, lenye matundu au lililomwagwa na maji mengi. Vumbi lake linatoka bila sauti ya kokoto hata ukiwa ndani ya jamvi, na biti inazama kama kwenye tofali la udongo. Hapa bolti za kutanuka si jibu.

Kuna dawa ya mtaani ambayo nimeikuta mara nyingi: vijiti vya kiberiti, waya wa umeme uliokunjwa, hata kipande cha mpira wa tyubu ndani ya tundu ili bolti "ijae". Inakaza siku hiyo. Kwa mashine ya kuranda ambayo ngoma yake inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, waya huo unasagika kabla ya wiki kwisha, na safari hii bolti inatoka ikiwa na mashine juu yake. Usiweke kitu.

Tundu lililoharibika haliongezwi upana. Lijaze kwa mota isiyosinyaa, na utoboe jipya mbali nalo, angalau mara mbili ya kina cha lile la zamani. Mguu wa mashine hauruhusu? Basi sogeza mashine.

Nati inarudi nyuma

Urefu haujabadilika, mstari umekatika. Bolti iko sawa.

Kwanza elewa kwamba kulegea kidogo ni kawaida. Bolti ya kutanuka ikikazwa, mvuto ndani yake unapungua yenyewe siku za mwanzo, unaweza kushuka hata nusu, kwa sababu zege lililobanwa chini ya kabari linatulia. Siku ya pili spana ikikuvutia robo mzunguko, hakuna ugonjwa. Ikivuta robo nyingine wiki inayofuata, na nyingine tena, hapo rudi ukapime ncha: nina wasiwasi bolti inapanda kidogokidogo.

Ikiwa ni nati kweli, weka nati ya pili juu ya kwanza na uzibane mbili kwa spana mbili. Washa ya springi peke yake siitegemei kwenye mtetemo. Lakini nati mbili zinaficha swali la msingi: kwa nini inatetemeka hivyo? Kwenye mashine ya kuranda angalia visu. Kisu kimoja kilichonolewa mara nyingi kuliko wenzake kinakuwa chepesi, na ngoma inazunguka kwa kuyumba. Pima visu kwenye mizani ya dukani ya gramu, vilingane. Angalia pia bearingi na puli ya mota. Nimewahi kukuta bolti zinalaumiwa mwezi mzima kumbe puli imepinda.

Na nguvu ya kukaza? Fuata boksi. Kwa M12 za kabari mara nyingi utakuta kama nyutoni-mita 50, ila zinatofautiana, kwa hiyo namba ya boksi ndiyo sheria. Wachache wetu wana spana ya kupima. Lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia ya viazi, karibu kila soko la Mbeya na Iringa ipo. Funga ndoano yake kwenye spana sentimita 30 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba na spana. Mizani ikisoma kilo 17 umefika 50. Vijana wengi wakiona wanashangaa jinsi ilivyo kidogo. Ndiyo sababu nilisema walikaza sana: waliongezea bomba la maji kwenye mpini wa spana, urefu wa mita moja, na kila mmoja akaning'inia. Kwenye jamvi la milimita 70, wenyewe ndio walioing'oa bolti, kabla mashine haijawashwa.

Zege linapasuka, uzi unakufa, biti inagoma

Ufa ukitoka kwenye bolti kwenda ukingoni mwa jamvi, umefunga karibu mno na ukingo. Kwa kina cha milimita 70, acha milimita 105 au zaidi hadi ukingo wowote, na kiungo cha zege ni ukingo pia. Bolti na bolti ziachane kama milimita 210 ili koni zao zisiingiliane.

Uzi ukijifunga baada ya kugonga, uligonga ncha tupu. Weka nati ifunike ncha kabla ya nyundo, igonge nati.

Biti ikisimama na kutoa chembe zinazong'aa, umegonga nondo. Usilazimishe, hamisha tundu. Kama nafasi haipo, sogeza mashine yote sentimita kumi.

Imeshika, lakini inaranda upande

Hii inawatesa watu kwa sababu kila bolti iko sawa. Mbao ilikuwa inatoka sawa kabla ya kufunga, sasa upande mmoja ni mnene kwa milimita.

Mashine haikukaa kwa miguu minne, ilikaa kwa mitatu. Bolti ya mguu wa nne ikaivuta chini na kupinda fremu, na meza ikapinda nayo. Kagua hivi: legeza nati zote, chukua filagaji, kile kipimo cha majani membamba ya chuma, jaribu jani la milimita 0.1 chini ya kila mguu. Linapoingia ndipo penye pengo. Ongeza kibati cha chuma cha unene huo hadi jani lisipite popote, ndipo ukaze kwa mshazari, kidogokidogo, mguu wa mbele kulia, wa nyuma kushoto, na kuendelea. Mwisho legeza nati moja moja na uangalie mguu wake kama unaruka juu. Ukiruka, bado.

Vibati vya chuma, nasisitiza. Pale Mafinga mbao ziko kila mahali na kishawishi cha kuweka kipande cha plaiwudi ni kikubwa. Plaiwudi inabonyea, inanyonya unyevu wa masika, na ndipo utakapokuta ule mstari wa rangi mzima, urefu uleule, na washa inacheza.

Tulichofanya

Bosi alitaka gundi ya kemikali, ile ya mirija miwili. Nilimwambia ukweli wake: gundi ni nzuri kwa mtetemo kuliko kabari, haisukumi zege kwa pembeni, na kwenye jamvi zuri ningeichagua mwenyewe. Ila nayo inahitaji kina, na milimita 70 za jamvi juu ya moramu haziongezeki kwa gundi. Kisha baridi. Ulikuwa mwezi wa saba, na asubuhi za Mafinga mwezi wa saba unaona pumzi yako. Gundi kwenye zege la baridi inachukua saa nyingi zaidi kukauka kuliko mtu anavyozoea, na jedwali la kwenye mrija ndilo linalosema ngapi. Ukikaza mapema umeipoteza.

Tukakata. Tulichora mstatili wa mita 1 kwa sentimita 90 pale mashine ingekaa, tukakata sakafu na jamvi kwa grainda ya diski, tukachimba hadi sentimita 30 kutoka usawa wa juu, tukashindilia, tukatandika polithini. Kuta za shimo tukazizungushia maboksi yaliyokunjwa, ili pedi ya zege jipya isishikane na jamvi la zamani na mtetemo usiende kwenye ofisi ya mhasibu, ambaye alikuwa amelalamika. Zege la uwiano wa 1 kwa 1.5 kwa 3, saruji mifuko miwili na ziada, kokoto safi, maji kidogo kuliko vijana walivyotaka. Nondo za milimita 10 chini na juu, ila tulizipanga mbali na pale miguu ingekuja, na tukapiga picha na futi ya kupimia juu yake kabla ya kumwaga. Juu tulilainisha kwa mbao, bila niru.

Halafu kungoja. Bosi alihesabu siku saba. Nilimwambia 28, na kwa baridi ile nisingepunguza hata moja, kwa sababu zege changa linaweza kuonekana gumu kwa kisigino huku likiwa bado halijapata nguvu ya kubanwa na kabari. Tulimwagia maji, tukafunika kwa polithini, na juu ya polithini tukamwaga maranda ya kutosha ili baridi ya usiku isiliguse. Maranda yasilale juu ya zege lenyewe: sukari iliyomo kwenye mbao inachelewesha saruji kushika. Kwa mwezi ule alipeleka mbao zake kurandwa kwa jirani, na alininunia, simlaumu.

Siku ya 29 tuliweka mashine juu ya pedi, tukaisawazisha kwa pima maji na vibati hadi filagaji ikakataa pande zote, kisha tukatoboa kupitia matundu ya miguu yenyewe ili yasikosane. Nafasi kutoka bolti hadi ukingo wa pedi ilikuwa milimita 170 upande uliobana zaidi. Kina tuliweka milimita 90 kwa alama ya solatepu, ili vumbi la mwisho lipate pa kukaa chini ya mkia. Tukasugua na kupuliza mara mbili. Kilo 17 kwenye mizani ya viazi.

Bolti tulizotumia zilikuwa za M12 kwa 120, saizi ileile iliyoshindwa, ila mpya: ya kabari iliyokwisha kutanuka hairudiwi. Kijana aliyetumwa dukani mara ya kwanza aliuliza kwa nini basi tulimrudisha njiani. Nikamwonyesha lile tundu la majaribio, lilikuwa bado wazi kando ya pedi, na vumbi jekundu mdomoni mwake.

Tulipiga mstari wa rangi na kuandika vipimo kwenye miguu. Siku ya pili nati mbili zilivuta chini ya robo mzunguko, mbili hazikuvuta kabisa. Wiki baadaye bosi alinitumia picha nne kwa simu, mguu kwa mguu, rula ikiwa imesimama kando ya kila bolti: 43, 42, 43, 43, vilevile tulivyoandika.